Bafana Wanacheza, Niger Wanafuzu

Msyuuu! Mtu mzima na akili zake anasimama mbele ya karatasi ya msimamo, anaona timu tatu zina pointi sawa, anashusha kidole kwenye safu ya tofauti ya mabao, kisha anageuka kututangazia nani kapita. Hajauliza kanuni inasemaje, wala hao watatu walipokutana wao kwa wao walifungana vipi. Jioni hii kijana mmoja wa bodaboda kafanya hivyo hapa kijiweni juu ya kundi la mashindano ya mtaa. Mzee wetu muuza kahawa akaweka birika chini, akamuuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, habari ya Nelspruit 2011 uliwahi kuisikia?"

Hakuwahi. Nikaangalia waliokaa kwenye benchi, nikaona na wengine wanatazama chini. Basi tulieni, maana kisa hiki kila anayeandika msimamo na kila anayeusoma anatakiwa akijue kwa namba zake, asikijue kwa kusikia tu kwamba kuna watu walishangilia bure.

Ni kundi G la kuwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2012, lile lililochezwa Gabon na Guinea ya Ikweta. Humo walikuwamo Misri, Afrika Kusini, Niger na Sierra Leone. Misri alikuwa bingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, na watu walishamkabidhi kundi kabla mpira haujapigwa. Niger alikuwa hajawahi kucheza fainali hizo hata mara moja.

Sasa ratiba kwanza, maana msimamo ni mtoto wa ratiba. Timu nne zikicheza kila mmoja na mwenzake, nyumbani na ugenini, kila timu ina mechi sita. Sita mara nne ni 24, lakini kila mechi umeihesabu mara mbili kwa kuwa ina timu mbili, kwa hiyo gawa, unabaki na mechi 12. Raundi sita, mechi mbili kila raundi. Kuzipanga si kazi ya mchawi. Timu moja unaibakiza mahali pake, zile nyingine unazizungusha hatua moja kila raundi, na anayeangukia mbele ya mwenzake ndiye wa kucheza naye. Ukimaliza mzunguko wa kwanza unageuza uwanja. Timu zikiwa tano, weka nafasi ya sita tupu, na anayeangukia penye nafasi tupu anapumzika raundi hiyo. Na hapo ndipo wengi wa mtaani wanapojikwaa: wanasoma pointi bila kutazama safu ya michezo iliyochezwa, wakati aliyepumzika bado ana mechi mkononi.

Kundi G halikuwa na wa kupumzika. Septemba 2010 Afrika Kusini aliifunga Niger 2-0 nyumbani kwake, na Misri akabanwa na Sierra Leone pale Kairo, 1-1. Watu wakasema bahati mbaya tu. Oktoba Niger akamfunga Misri 1-0 mjini Niamey, na Sierra Leone akatoka 0-0 na Afrika Kusini mjini Freetown. Machi 2011 Afrika Kusini akamfunga Misri 1-0, bao la Katlego Mphela la dakika za mwisho kabisa, na Niger akaichapa Sierra Leone 3-1. Juni Sierra Leone akalipiza, 1-0, na Misri na Afrika Kusini wakatoka bila bao. Septemba mwaka huo Niger akamfunga Afrika Kusini 2-1, na Sierra Leone akamfunga Misri 2-1. Hiyo ya mwisho ishikeni vizuri, tutairudia.

Kabla ya siku ya mwisho Niger alikuwa na pointi tisa, Afrika Kusini na Sierra Leone nane kila mmoja, na bingwa wa Afrika alikuwa mkiani na pointi mbili. Tarehe 8 Oktoba 2011 Niger alikwenda Kairo, na Sierra Leone akaenda kucheza na Afrika Kusini uwanja wa Mbombela, mjini Nelspruit.

Misri akaamka siku hiyo, akamfunga Niger 3-0. Habari ikafika Nelspruit. Benchi la Afrika Kusini, chini ya kocha Pitso Mosimane, likapiga hesabu: Niger kabaki na tisa, sisi tukitoka sare tunafika tisa, na tofauti yetu ya mabao ni nzuri kuliko ya wote. Kwa hiyo sare inatosha. Dakika za mwisho timu ya nyumbani haikuwa ikitafuta bao, ilikuwa inalinda 0-0. Kipenga kilipolia, wachezaji wakaingia katikati ya uwanja wakacheza dansi, wakazunguka kushukuru mashabiki. Nchi nzima ikajua imefuzu.

Haya, tuandike msimamo kama mwenye haraka anavyouandika. Afrika Kusini: pointi tisa, mabao manne ya kufunga, mawili ya kufungwa, tofauti ni +2. Sierra Leone: pointi tisa, matano kwa matano, tofauti ni 0. Niger: pointi tisa, sita ya kufunga na manane ya kufungwa, tofauti ni -2. Misri: pointi tano, matano kwa matano.

Namba zote hizo ni sahihi, na hata unaweza kuzikagua. Jumla ya mabao ya kufunga kwa timu zote lazima ilingane na jumla ya kufungwa, maana bao moja likiingia kuna aliyefunga na kuna aliyefungwa. Hapa ni 20 kwa 20. Tofauti za mabao zikijumlishwa lazima ziwe sifuri: +2, 0, -2 na 0, sawasawa. Pointi nazo zina siri yake. Mechi 12 zikiwa na mshindi zote, zinatoa pointi 36, na kila sare inapunguza moja, kwa sababu sare inagawa pointi mbili tu badala ya tatu. Jumla ya pointi hapa ni 32, kwa hiyo sare zilikuwa nne. Rudi kwenye matokeo uhesabu, utakuta nne kamili. Ukikuta karatasi ya msimamo mtaani haikubali vipimo hivi, usibishane juu ya nani wa kwanza. Kuna matokeo yameandikwa vibaya, tafuteni kwanza.

Basi kama namba zilikuwa sahihi, kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye mpangilio. Kanuni ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ilisema timu zikilingana pointi, kinachotazamwa kwanza ni pointi walizopata walipokutana wao kwa wao. Ikishindikana, ndipo tofauti ya mabao katika mechi hizo hizo. Tofauti ya mabao ya kundi zima iko chini huko, unaifikia ukishindwa kwingine.

Mwalimu mstaafu wa hapa kijiweni akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa drafti. Waliolingana ni watatu, akasema, kwa hiyo Misri mfute, na mechi zote alizocheza Misri zifute, alizoshinda na alizoshindwa. Zinabaki mechi sita tu, kama ligi ndogo ndani ya kundi.

Niger katika ligi hiyo ndogo: kafungwa na Afrika Kusini 2-0, kamfunga 2-1, kamfunga Sierra Leone 3-1, kafungwa naye 1-0. Ushindi mara mbili, pointi sita. Afrika Kusini: kamfunga Niger 2-0, kafungwa 2-1, na Sierra Leone katoka naye 0-0 mara mbili. Ushindi mmoja na sare mbili, pointi tano. Sierra Leone: sare mbili na Afrika Kusini, kafungwa na Niger, kamfunga Niger. Naye pointi tano.

Sita, tano, tano. Niger, aliyekuwa chini ya wenzake wote wawili kwa tofauti ya mabao, na aliyefungwa matatu siku hiyo hiyo, ndiye kiongozi wa kundi. Akaenda fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake, na waliokuwa wakicheza dansi Nelspruit wakabaki nyumbani.

Kijana wa bodaboda akadakia: "Lakini mwalimu, Afrika Kusini na Niger kila mmoja kamfunga mwenzake. Jumla ya mabao yao wawili, Afrika Kusini ana matatu na Niger ana mawili. Sasa Niger kampitaje?"

Hilo ndilo swali la mtu aliyesikiliza, na hapo ndipo palipo na utamu wa kisa chote. Wangelingana wao wawili peke yao, Afrika Kusini angepita. Pointi tatu kwa tatu, mabao matatu kwa mawili, kanuni ile ile ya CAF ingempa yeye. Kilichombadilishia ni Sierra Leone kuwamo kwenye mlingano. Alipoingia wa tatu, zikaingia na mechi zake. Niger alivuna pointi tatu kwake, Afrika Kusini akavuna mbili tu za sare mbili tasa.

Sasa rudini kwenye ile mechi niliyowaambia mshike, Sierra Leone 2, Misri 1, Septemba 2011. Sierra Leone angetoka sare siku ile, angemaliza na pointi saba. Mlingano ungekuwa wa wawili, na dansi ya Nelspruit ingekuwa halali. Kwa hiyo mechi ambayo Afrika Kusini hakuicheza wala Niger hakuicheza, iliyochezwa mwezi mmoja kabla, ndiyo iliyobadilisha aliyefuzu. Anayetaka kujua hatima yake katika kundi, haitoshi kuuliza "mimi na fulani tukilingana itakuwaje". Aulize ni nani wote watakaokuwa kwenye pointi hizo, kisha aandike ligi ndogo ya hao, na kila jina likiongezeka aiandike upya tangu mwanzo.

Na kinachoniuma mimi, ndugu zangu, ni kwamba dawa ilikuwa mguuni mwao. Bao moja kwenye lango la Sierra Leone lingewapa pointi 11, pasingekuwa na mlingano wala kanuni ya kusoma. Timu iko nyumbani kwake, dakika zipo, inapoteza muda kwa makusudi kulinda matokeo yanayoiua. Msyuuu! Chama chao kilikata rufaa CAF, kisha kikaiondoa. Kingesema nini? Kanuni ilikuwapo tangu kabla ya mechi ya kwanza.

Mzee muuza kahawa ana maelezo yake, na mimi nayakubali. Anasema mwaka mmoja kabla ya Nelspruit Kombe la Dunia lilichezwa kwao Afrika Kusini, na pale kigezo cha kwanza baada ya pointi kilikuwa tofauti ya mabao ya kundi lote. Afrika Kusini na Meksiko walimaliza na pointi nne nne, Meksiko akiwa na +1 na Afrika Kusini -2, na mwenyeji akatolewa. Anayeungua hivyo kichwani kwake linabaki neno moja, tofauti ya mabao, na anakwenda nalo kila mashindano. Kumbe kila mashindano yana mpangilio wake. Ligi ya Uingereza inaanza na tofauti ya mabao. Ligi ya Hispania inaanza na walipokutana.

Kijiwe kikagawanyika hapo, ipi kati ya hizo ni ya haki. Fundi viatu anasema tofauti ya mabao inapima kazi ya timu msimu mzima, na walipokutana inakupa hukumu ya dakika 180 tu. Mwalimu anasema kwenye kundi dogo tofauti ya mabao inaharibika haraka, maana timu moja ikikata tamaa mapema, atakayekutana naye mwisho anajichotea mabao matano na wenzake walikutana naye akiwa mzima. Mimi nasimama na wote wawili, kila mmoja mahali pake. Ligi ya timu 16 yenye mechi 30, kama Ligi Kuu yetu Bara, tofauti ya mabao ina uzito, kwa sababu wote wamepita kwa wapinzani wale wale na kipigo kimoja kikubwa kinamezwa na mechi nyingine 29. Kundi la mechi sita, nipeni walipokutana.

Ila walipokutana ina shimo lake ambalo wanaoandika kanuni za mtaani hawalioni. Watatu wamelingana, ligi ndogo imemtoa mmoja juu, wawili wamebaki sawa, kama Afrika Kusini na Sierra Leone na tano zao. Sasa hao wawili unawatenganishaje? Unaendelea na ligi ndogo ile ile ya watatu, ukatazama tofauti yao ya mabao humo? Au unamwondoa aliyekwisha pita, unaanza upya na mechi za hao wawili peke yao? Shirikisho la Ulaya limeandika wazi kwamba unaanza upya. Katika kundi G ukiendelea, Afrika Kusini ana +1 na Sierra Leone -1. Ukianza upya, wamekutana 0-0 na 0-0, hakuna kinachowatenganisha, unashuka hadi tofauti ya kundi lote, +2 kwa 0. Kwa njia zote Afrika Kusini ni wa pili, bahati hiyo. Mahali pengine njia hizo mbili zinatoa majina mawili tofauti, na kanuni ikiwa kimya hapo, kikao cha kamati ndicho kinachochagua, na hapo hakuna atakayeamini kuwa kilichagua kwa haki.

Vigezo vyote vikiisha, inabaki kura. Hiyo nayo si hadithi. Januari 2015, fainali za Afrika zikiwa Guinea ya Ikweta, Guinea na Mali walicheza mechi tatu kila mmoja na zote tatu zikaisha 1-1. Pointi tatu kwa tatu, mabao matatu kwa matatu, walipokutana 1-1. Vigezo vilikwisha. Ikapigwa kura mjini Malabo, Guinea akapita, Mali akapanda ndege kurudi kwao bila kufungwa mechi hata moja.

Kijana akauliza tena, na nikafurahi kwamba anauliza: timu ambazo hazikukutana kabisa, je? Kigezo cha walipokutana kitafanya nini?

Hakifanyi chochote, na jibu lake tunalo wenyewe. Fainali za Afrika zikiwa na makundi sita, wa kwanza na wa pili wanapita, halafu wanne bora kati ya washindi wa tatu. Washindi wa tatu wametoka makundi tofauti, hawajaonana uso. Hapo kanuni inaruka moja kwa moja: pointi, tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Morocco, Desemba 2025, Taifa Stars yetu ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka 1-1 na Uganda, ikatoka 1-1 na Tunisia kwa bao la kusawazisha la Feisal Salum. Pointi mbili, mabao matatu kwa manne, tofauti -1. Angola katika kundi lake alifungwa na Afrika Kusini 2-1, akatoka 1-1 na Zimbabwe, akatoka 0-0 na Misri. Pointi mbili, mabao mawili kwa matatu, tofauti -1.

Nafasi moja ilibaki. Pointi sawa, tofauti sawa, basi mabao ya kufunga: matatu kwa mawili. Tanzania ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza.

Watu wanasema ni bao la Feisal, na ni kweli, bila lile tungebaki na pointi moja. Lakini hapa kijiweni nimeomba tulikumbuke na jingine. Tarehe 23 Desemba, mechi ya kwanza, Nigeria akiongoza, Charles M'Mombwa alisawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, na dakika chache tu baadaye Nigeria wakafunga la pili. Tulipoteza mechi ile, na wengi waliliita bao la kufutia machozi. Liondoe kwenye hesabu uone: mabao mawili kwa manne, tofauti -2, na Angola ndiye angesafiri kwenda Rabat kucheza na Morocco.